Dakika Kumi za Mdhamini: Namna ya Kumwomba Bosi wa Zamani Akusemee kwa Simu



Nimeombwa nizungumzie maombi ya kazi. Hilo ni shamba kubwa, na kuhusu barua ya maombi na usaili mmeshasikia mengi. Jioni hii nitakaa kwenye kona moja ambayo sijaona watu wakiifundisha. Umeshaitwa, umeshahojiwa, wamekupenda, halafu ofisi inakwambia: "Tungependa kuongea kidogo na aliyekuwa msimamizi wako." Kuanzia hapo nafasi yako iko mikononi mwa mtu ambaye pengine hujazungumza naye miaka miwili.

Kila aliyewahi kusoma tangazo la Sekretarieti ya Ajira anaujua mstari unaotaka majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Waombaji wengi huujaza usiku wa mwisho kabla dirisha la maombi halijafungwa, wakiandika majina makubwa wanayoyakumbuka na namba walizozihifadhi zamani. Mimi ni afisa utumishi, na kazi yangu ni kuzipiga namba hizo. Nazungumza nanyi kama mtu anayekaa upande wa pili wa simu.

Nianze na swali ambalo huwa naulizwa: kwa nini tupige simu wakati mwombaji ameleta barua ya sifa yenye muhuri? Kwa sababu barua ile iliandikwa siku mtu anaaga, na siku ya kuagana kila mtu husema mema. Tena barua haijibu swali. Mimi nataka kujua ulianza lini na kumaliza lini, ulishika kazi gani hasa, ulikuwa chini ya nani, ukikosea unafanyaje, na kwa nini uliondoka. Mwisho nauliza swali moja ambalo wenzangu wengi nao huliuliza: "Nafasi ikitokea kwenu leo, ungemchukua tena?" Simu nzima haizidi dakika kumi au kumi na tano, na swali hilo la mwisho huchukua nusu dakika. Lakini katika nusu dakika hiyo nasikia mengi. Msimamizi anayekukumbuka vizuri hujibu papo hapo, na bila kuombwa hukuongezea kisa kimoja. Asiyekukumbuka husema: "Ah, alikuwa kijana mzuri, hana tatizo."

Jibu hilo la pili halina ubaya wowote, na ndiyo shida yake. Halinipi kitu cha kupeleka kwenye kamati. Nikirudi mezani na wagombea wawili wanaolingana, mmoja amesemewa kwa kisa na mwingine kwa "hana tatizo," kamati haitajadili muda mrefu. Nami nimegundua kwamba wanaojibu hivyo mara nyingi hawana kinyongo na mwombaji. Wamepigiwa wakiwa kwenye foleni ya benki, au ndani ya daladala, au katikati ya kikao. Hakuna aliyewaambia kwamba simu inakuja, wala ni kazi gani inaombwa. Tangu mwombaji aondoke wamesimamia watu wengine wengi. Mdhamini ni shahidi, na shahidi aliyeitwa ghafla, asiyejua kesi inahusu nini, hata akiwa mkweli namna gani atababaika.

Basi kazi ya mwombaji ni kumpa shahidi huyo vitu viwili, kumbukumbu na nafasi ya kusema. Maneno ya kusema usimpe. Nitaeleza kwa nini baadaye.

Ili tusizungumze hewani, tumfikirie binti mmoja aliyekuwa mtunza stoo ya dawa kwenye hospitali ya misheni mkoani. Alishika stoo kuu kuanzia Machi 2021 hadi Agosti 2023. Kazi yake ilikuwa kupokea mzigo kutoka Bohari ya Dawa, kuhesabu maboksi na kuyalinganisha na hati ya mzigo, kujaza kadi ya stoo ya kila dawa, kutoa dawa kwa wodi na dirisha la dawa, na kuhakikisha kwamba inayokaribia kuisha muda wake inatoka kwanza. Aliyemsimamia ni mfamasia wa hospitali, mama mtu mzima, ambaye sasa amehamia Maskati kufanya kazi huko. Binti ameomba kazi ya usimamizi wa ghala kwa msambazaji wa dawa Dar es Salaam, na amefika hatua ya mwisho.

Uamuzi wake wa kwanza ni nani apigiwe. Kwenye fomu angeweza kuandika jina la mganga mfawidhi kwa kuwa lina uzito. Mganga mfawidhi alimjua kwa sura tu. Ofisi ya utumishi ya hospitali ingethibitisha tarehe na cheo, basi. Mfamasia ndiye aliyekagua kadi zake kila mwezi. Mimi nikipewa nafasi ya kuongea na mtu mmoja tu, nitamchagua aliyekagua kadi, hata kama ameshaondoka hapo na yuko ng'ambo. Na kama mfamasia asingepatikana, ningependelea zaidi muuguzi kiongozi wa wodi aliyekuwa akipokea dawa kutoka kwenye stoo hiyo kila asubuhi kuliko mkurugenzi asiyejua mlango wa stoo uko wapi.

Uamuzi wa pili ni lini amwombe. Hapa ombi lina hatua mbili, na watu huzichanganya. Hatua ya kwanza ni ruhusa, na hiyo huombwa kabla jina la mtu halijaandikwa popote. Namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Lakini hata pasingekuwa na sheria, hakuna mtu mzima anayefurahi kupigiwa na mgeni anayesema, "Nimepewa namba yako na fulani." Hatua ya pili ni kupanga saa ya simu, na hiyo inakuja pale tu mwajiri anaposema yuko tayari kupiga. Anayeziunganisha hatua hizi mbili humwandikia bosi wake wa zamani usiku: "Shikamoo, kesho utapigiwa simu kuhusu mimi." Hilo si ombi tena, ni taarifa, na mwenye kupewa taarifa namna hiyo hana njia ya kukataa kwa heshima.

Ujumbe wa kwanza wa binti yetu ungeweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mama. Habari za Maskati na familia? Ni mimi uliyenikabidhi stoo kuu ya dawa Machi 2021, nikaondoka Agosti 2023. Naomba kazi ya usimamizi wa ghala kwa msambazaji wa dawa Dar es Salaam. Wameomba mtu aliyenisimamia ambaye wataweza kuongea naye kwa simu kama dakika kumi, kuhusu kazi yangu tu. Si dhamana ya fedha wala ya mkopo, na hakuna cha kusaini. Ningependa awe wewe, kwa kuwa ndiye uliyekuwa ukikagua kadi zangu. Je, utakuwa radhi nikiwapa jina na namba yako? Kama kwa sasa haitakuwa rahisi, nitaelewa kabisa, nitamtafuta mwingine."

Angalieni mambo machache humo. Salamu imekaa mahali pake, na haikukaa peke yake. Wako vijana wanaotuma "Shikamoo Mama" halafu wanasubiri wajibiwe ndipo waendelee. Mtu aliye kazini huona salamu tupu kutoka kwa mtu aliyepotea siku nyingi, akajua kuna ombi linakuja asilolijua, akaiacha. Peleka salamu na shida kwa pamoja. Kisha amejitambulisha kwa kazi na kwa miaka, kwa sababu namba hupotea simu zinapobadilishwa na majina hufanana. Ile sentensi ya mkopo nimeiweka makusudi. Mwambie mtu wa makamo "naomba unidhamini" bila maelezo, na wa kwanza kumjia akilini ni mdaiwa aliyekimbia akamwachia deni la benki. Mwondolee hofu hiyo mapema. Na sentensi ya mwisho, ile inayomfungulia mlango wa kukataa, ni ya lazima. Naisisitiza kwa sababu ndiyo inayokulinda wewe. Asiyeweza kukataa atakubali kwa mdomo, kisha atanijibu mimi kwa kusitasita.

Kukubali nako kuna namna zake, na ukisikiliza vizuri utazitambua. Anayesema, "Hongera! Ni kazi gani hasa, na wanaanza lini?" huyo yuko nawe. Anayesema, "Sawa, wape tu," amekubali, ila anahitaji kukumbushwa mengi. Anayesoma ujumbe wako na kunyamaza siku nne, kisha akajibu, "Ungewauliza ofisini wenyewe," amekataa kwa adabu. Usimbembeleze. Mshukuru na uende kwa mwingine. Nimewahi kuongea na wadhamini waliobembelezwa, na husikika tangu sentensi ya kwanza.

Huenda pia hakukataa kwa moyo wake. Zipo taasisi zinazomkataza msimamizi mmojammoja kuzungumza na waajiri wengine, na kila ulizo linapelekwa kwa utumishi, ambako utapewa tarehe na cheo tu. Vijana huona ni roho mbaya. Chanzo kimojawapo cha katazo hilo ni kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance, iliyoamuliwa London mwaka 1994 na waliokuwa majaji wa juu kabisa wa Uingereza. Muuzaji wa bima alisemwa vibaya na mwajiri wake wa zamani, akakosa kazi kwingine, na majaji wakaamua kwamba anayetoa maelezo kuhusu mfanyakazi wake wa zamani anawajibika kuyatoa kwa uangalifu, la sivyo anaweza kudaiwa fidia. Tangu hapo kampuni nyingi zenye wanasheria waangalifu zilichagua kusema kidogo.

Na kisheria, unachoweza kudai ni kidogo kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 51, nayo inataka hivyohivyo kwa aliyefanya kazi angalau wiki nne mfululizo, lakini kifungu hicho kinaongeza wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa maelezo ya tabia wala ya utendaji. Kwa hiyo cheti ni haki yako, kidai. Simu ya dakika kumi ni hisani, iombe kama hisani. Na usimwombe mtu akurefushie miezi: cheti kitaletwa, tarehe zitawekwa pembeni kwa pembeni, na mtakuwa mmeharibikiwa wote wawili.

Tuchukulie Mama amekubali. Wiki mbili zimepita, na sasa ofisi ya Dar es Salaam imesema iko tayari kupiga. Hapa ndipo saa zinapoingia, na ndipo mambo yanapovurugika zaidi kuliko mahali pengine popote.

Usianze kwa mdhamini. Anza kwa anayepiga. Muulize mambo manne: nani atapiga, kwa namba gani, siku zipi zinamfaa, na simu itachukua muda gani. Ni maswali ya kawaida, na hakuna afisa utumishi anayeyaona kuwa ni usumbufu. Mimi huyafurahia, kwa sababu yananiambia kwamba mdhamini atakuwa ameandaliwa. Tuseme binti amejibiwa kuwa simu itapigwa Jumanne tarehe 10 au Jumatano tarehe 11 Februari, kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana.

Sasa alinganishe na maisha ya Maskati. Saa ya Oman iko mbele ya yetu kwa saa moja mwaka mzima, maana wao kama sisi hawasogezi saa. Mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumapili yao ni siku ya kazi ambapo ofisi ya Dar es Salaam imefungwa, na Ijumaa yetu ya kazi ni mapumziko kwao. Siku za kazi zinazolingana ni Jumatatu hadi Alhamisi. Adhuhuri ya Maskati huingia karibu na saa 6 mchana, ambayo kwetu ni saa 5. Mfamasia naye ana asubuhi yake, saa ya kwanza ya zamu ikiwa ni ya kukabidhiana na ya watu wengi dirishani. Ukiyaweka haya yote pamoja, saa zinazofaa zinabaki chache: kwetu kuanzia saa 4 hadi muda mfupi kabla ya saa 5, na baada ya saa 5 na nusu. Kama ingekuwa mwezi wa Ramadhani, ambapo saa za kazi Oman hufupishwa, ingebidi kuuliza upya kabisa.

Kwa aliye London, hesabu ni nyingine, kwa sababu Waingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa baridi tunawatangulia kwa saa tatu, wakati wa joto kwa saa mbili. Ombi lililopangwa katikati ya Machi kwa simu ya mwanzoni mwa Aprili linaweza kukosea kwa saa nzima, na kila upande utadhani mwingine amepuuza miadi.

Kuna pia jambo la namna tunavyoandika saa. Ukimwandikia Mswahili "10:00," wewe ukikusudia saa 4 asubuhi kwa kuwa ndivyo simu yako inavyoonyesha, yeye anaweza kusoma saa 10 jioni. Nimeshapiga simu saa 4 asubuhi nikakuta mdhamini ameitenga jioni yake yote kunisubiri. Andika kwa saa zetu, taja asubuhi au mchana, kisha weka pembeni jinsi itakavyoonekana kwenye kioo cha simu. Ni ziada ya maneno mawili.

Ujumbe wa pili basi ungekuwa hivi:

"Shikamoo Mama. Ofisi iliyonihoji iko tayari kukupigia. Atakayepiga ni afisa utumishi wao. Jina lake na namba atakayotumia nimeviandika hapo chini, na itakuwa dakika kumi hadi kumi na tano. Kati ya nafasi hizi tatu, ipi itakufaa? Jumanne tarehe 10, saa 5:15 asubuhi ya Maskati (11:15 kwenye simu yako, kwetu saa 4:15). Jumanne hiyohiyo, saa 6:45 mchana ya Maskati (12:45 kwenye simu yako, kwetu saa 5:45). Au Jumatano tarehe 11, saa 5:15 asubuhi ya Maskati (11:15 kwenye simu yako). Kama zote zina kazi, nitajie yako, nami nitaipeleka kwao. Nimekuwekea hapa chini mambo machache ya kukukumbusha."

Nafasi tatu katika siku mbili zinatosha. Ukitaja moja, umemlazimisha. Ukiandika "wakati wowote utakaopenda, Mama," umemwachia kazi ya kufikiri wewe, anayepiga na yeye mwenyewe mna nafasi lini, na ujumbe wa namna hiyo huahirishwa hadi usiku, usiku huwa kesho. Chaguo lake likija, wajulishe waajiri siku hiyohiyo, kisha mrudishie jibu fupi kwamba imethibitishwa. Asubuhi ya siku yenyewe mstari mmoja wa kumkumbusha unatosha.

Mnaona pia nimetaja namba ya atakayepiga. Hilo kwa hapa nyumbani ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Tumechoshwa na matapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii," na watu wazima wengi wameacha kabisa kupokea namba wasizozijua. Nikipiga mara mbili bila kupokelewa, naandika kwenye faili: mdhamini hakupatikana. Sina njia ya kujua kwamba alikuwa ameshika simu mkononi akiiangalia ikiita. Mdhamini akiwa na jina na namba mapema, anaihifadhi, na siku ikifika anapokea. Aliye nje ya nchi aambiwe pia kama ni simu ya kawaida au ya WhatsApp. Na usimtumie vocha. Anayepiga ndiye anayelipa, na vocha kutoka kwa mwombaji humfanya mdhamini ahisi amelipwa aseme.

Sasa yale mambo machache ya kukumbusha, kwani hapa ndipo penye utamu wa jambo lote. Binti asimwandikie Mama: "Naomba uwaambie mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninajituma." Maneno hayo yapo kwenye kila karatasi mezani kwangu. Tena zaidi ya mara moja nimewapigia wadhamini wawili wa mtu mmoja, wakanisomea sentensi ileile kwa mpangilio uleule, na hapo nikaacha kuamini hata lililokuwa la kweli. Amwandikie matukio, na amwachie hukumu.

Angeandika hivi. Kazi ninayoomba ni kusimamia ghala lenye watunza stoo wanne, na nadhani watakuuliza zaidi kuhusu kumbukumbu za mzigo na upotevu. Nilipoingia, kadi za stoo zilikuwa zikijazwa mwisho wa wiki. Tukaanza kuzijaza papo hapo dawa inapotoka. Halafu lile la hesabu ya Juni 2022. Dawa mseto ya malaria ilipungua maboksi 11 ukilinganisha kadi na rafu. Nilikuja kukwambia siku ileile. Tulifuatilia tukagundua wodi ya watoto ilikuwa ikichukua usiku kwa ufunguo wa zamu bila kuandika, na maboksi 9 yakaonekana kwenye daftari la wodi. Mawili hatukuyapata, na niliandika maelezo. Tangu hapo tukaweka daftari la usiku lenye saini mbili. Niliondoka kwa sababu mkataba wa mradi ulikwisha.

Mtashangaa kwamba ameandika hadi yale maboksi mawili yasiyoonekana. Ni sawa kabisa. Mimi nitamuuliza Mama, "Aliwahi kupatwa na tatizo la upotevu?" kwa kuwa namwajiri mtu wa ghala, na mtu wa ghala asiyewahi kupata pengo la hesabu sijamwona. Mama akisema "hapana, hakuna," nitajua amesahau au anaficha. Akinisimulia maboksi 11, siku ileile aliyoambiwa, daftari la usiku, na mawili yaliyobaki, nimepata nilichokuwa nakitafuta: mtu anayeripoti pengo kabla halijagunduliwa na mwingine. Hakuna sifa ya maneno itakayonipa hilo. Ila tukio liwe la kweli, na mdhamini awe aliliona mwenyewe au alilisimamia, maana nitauliza swali la pili na la tatu juu yake.

Urefu wa makumbusho hayo uwe wa kusomeka kwa pumzi moja, kama ya binti yetu. Yawe ya maandishi. Ujumbe wa sauti wa dakika nne hauwezi kupitiwa tena haraka simu inapoanza kuita, na wengi hawawezi kuufungua mbele ya wenzao kazini. Ambatisha tangazo la kazi kama unalo, na wasifu wako wa sasa, asije akashangaa nikimtajia cheti ambacho hakujua umekipata.

Kwa anayeomba angali kazini penginepo, ongeza kwa waajiri sentensi moja: msiwasiliane na mwajiri wangu wa sasa hadi nitakapowaruhusu. Tunaiheshimu.

Simu ikishapigwa, usimhoji mdhamini. Wapo wanaopiga dakika ileile: "Wamekuulizaje? Umesemaje?" Mazungumzo yale ni yangu na yake, na alipokubali kusema ukweli alikubali kwa kuamini kwamba hatasailiwa. Mshukuru siku hiyohiyo, halafu subiri. Majibu ya kazi yakitoka, yawe mazuri au mabaya, mwambie. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Nimesikia wadhamini wakiniuliza mimi, miezi sita baadaye, kama yule kijana alipata, kwa kuwa mwenyewe hakurudi tena. Ukikosa, ujumbe ni huu tu: "Mama, safari hii wamemchukua mwingine. Asante kwa muda wako. Bado naomba kwingine. Nikifika hatua kama hii tena nitakuuliza kwanza kabla ya kutoa namba yako." Na umuulize kweli, kila mara. Ruhusa aliyokupa Februari ilikuwa ya msambazaji yule wa Dar es Salaam peke yake.

Maswali sasa, nayakaribisha.